Moja kwa Kipeo Kisicho na Mwisho

Moja mara moja ni moja, hata ukirudia mara milioni. Ndiyo maana wengi, wakikutana na 1^∞ kwenye hesabu za vikomo, huandika jibu 1 na kwenda swali linalofuata. Kosa lao ni kudhani kwamba namba ya chini ni 1 kamili. Kwenye maswali haya namba hiyo bado iko njiani: inaikaribia 1 huku kipeo nacho kikizidi kukua, na kila kimoja kinavuta upande wake.

Mwaka 1690 Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Basel, Uswisi, aliuliza swali la mkopeshaji. Chukua shilingi 1,000 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka. Riba ikihesabiwa mara moja, mwisho wa mwaka una 2,000. Ikihesabiwa kila nusu mwaka, asilimia 50 kila mara, na riba ya kwanza nayo ikazaa riba, unapata 2,250. Kila mwezi, ni 2,613. Kila siku, takriban 2,715. Je, ikihesabiwa kila nukta, fedha zitapanda bila kikomo? Bernoulli alionyesha kwamba hazifiki hata mara tatu ya mtaji. Kwa lugha ya hesabu, alikuwa anatafuta kikomo cha (1 + 1/n)^n pale n inapokua bila mwisho, na hiyo ndiyo 1^∞ yenyewe.

Ugumu wote umekaa kwenye kipeo, na logi ndiyo inayokiteremsha chini kiwe namba ya kuzidisha. Tuite jawabu letu y, yaani y = (1 + 1/n)^n. Tukichukua logi asilia pande zote mbili, tunapata

ln y = n × ln(1 + 1/n)

Sasa tuna namba kubwa mno ikizidishwa na namba inayoelekea sifuri, kwa sababu logi ya 1 ni 0. Bado hatujamaliza, lakini sasa tunaweza kutazama ndani. Logi ya 1.1 ni 0.0953. Ya 1.01 ni 0.00995. Ya 1.001 ni 0.0009995. Unaona mwenendo wake: kadiri unavyoisogelea 1, logi inalingana na kile kidogo kilichozidi juu ya 1. Zidisha kila moja kwa n yake, yaani 10, 100 na 1,000, upate 0.953, 0.995 na 0.9995. Kwa hiyo ln y inaelekea 1.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Wanaona 1, wanaipigia mstari, wanaweka kalamu chini. Hiyo ni logi ya jawabu tu. Ili kupata y yenyewe lazima urudi ulikotoka kwa kupandisha e: y = e^1, takriban 2.71828. Zile shilingi 1,000 zinaishia karibu 2,718.

Kwa riba ya kawaida, tuseme asilimia 12, njia ni ileile: n × ln(1 + 0.12/n) inaelekea 0.12, na jawabu ni e^0.12. Shilingi 100,000 zinakuwa takriban 112,750. Kwa hesabu ya kila mwezi zingekuwa 112,683, kwa hiyo tofauti ni kama shilingi 67 tu kwa mwaka mzima.

Umbo 1^∞ lenyewe basi halisemi lolote kuhusu jibu. Kinachoamua ni nani anakwenda haraka zaidi. Katika (1 + 1/n²)^n namba ya chini inaiwahi 1 kabla kipeo hakijafanya kazi ya maana, na kikomo ni 1 kweli. Katika (1 + 1/n)^(n²) kipeo kinashinda, na jawabu linakua bila mwisho. Kuna kipimo cha haraka ninachokipenda: toa 1 kwenye namba ya chini, zidisha kwa kipeo, uone kinaelekea wapi. Kikielekea k, jawabu ni e^k. Sharti ni moja, kwamba namba ya chini iwe chanya, maana namba hasi haina logi ya kawaida.

Usijaribu kuhakiki haya kwa kuiingiza namba kubwa kupita kiasi kwenye kompyuta. Ukiandika kwenye Python

```
(1 + 1e-15)**1e15
```

itakujibu takriban 3.035. Ukiweka 16 badala ya 15, itajibu 1.0. Hesabu haijabadilika. Mashine inahifadhi tarakimu kama 16 tu kwa kila namba, na kile kidogo kilichoongezwa juu ya 1 kinaviringishwa au kupotea kabisa kabla ya kipeo kuanza. Dawa yake ni kuchukua logi bila kujumlisha hiyo 1 kwanza, kazi inayofanywa na log1p:

```
from math import exp, log1p
exp(1e16 * log1p(1e-16))
```

Safari hii inatoka 2.718281828459045.