Mita Tatu za Katalogi Haziilindi Pampu

Pampu nyingi ndogo zinazouzwa madukani Nairobi na Dar es Salaam zina kibandiko ubavuni kinachosema zinaweza kufyonza maji kutoka kina cha mita 8, nyingine hata 9. Mnunuzi huisoma ahadi hiyo kwa wepesi: shimo langu la maji lina kina cha mita tano hivi, kwa hiyo nimebakiwa na mita tatu za akiba, niiweke pampu juu ya sakafu na kazi imekwisha. Kibandiko hakisemi uongo, ila kinasema jambo ambalo halimhusu. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari, kwa maji baridi, na mara nyingi maji yanapokaribia kutotoka kabisa. Mtu anayetaka mita za ujazo 45 kwa saa hawezi kukitegemea. Hata tukiacha kibandiko tukafungua katalogi yenye michoro kamili, namba iliyomo, ile inayoandikwa NPSHr, nayo husomwa visivyo. Wengi huichukua kuwa mpaka wa usalama, kumbe ni mpaka ambao pampu ikiufikia imekwisha anza kuumia.

Tuanze na nguvu inayopandisha maji. Pampu iliyo juu ya shimo haiyavuti maji. Inapunguza tu kani ndani ya bomba, na hewa ya nje iliyoulalia uso wa maji shimoni ndiyo inayoyasukuma kwenda juu. Tangu majaribio ya Torricelli ya miaka ya 1640 inajulikana kwamba hewa hiyo, pwani, inaweza kubeba safu ya maji ya mita 10.3 na si zaidi. Kadiri mahali panavyoinuka ndivyo hewa inavyopungua. Kwenye mwinuko wa mita 1,700, ambao ndio wa sehemu kubwa ya Nairobi, hubaki mita 8.4 hivi. Ndiyo kusema kibandiko cha mita 9 kikipelekwa Nairobi kinaahidi kitu ambacho hewa yenyewe ya mji haina. Huo ndio mtaji wote wa upande wa kufyonza, na kila kitu kati ya shimo na pampu kinaumega: kimo cha kupanda, msuguano wa bomba, viwiko, chujio, na joto la maji. Kinachobaki mlangoni mwa pampu ndicho NPSH iliyopo, au NPSHa.

Joto linaingia kwa sababu maji hayasubiri nyuzi 100 ili yachemke. Yakipunguziwa kani vya kutosha huchemka yakiwa baridi vilevile. Maji ya nyuzi 20 huchemka kani ikishuka hadi ile ya safu ya mita 0.24, ya nyuzi 30 kwenye mita 0.43, ya nyuzi 60 kwenye mita 2 na ushei. Ndani ya pampu, mahali ambapo kani hushuka kuliko pote ni nyuma kidogo ya ncha za mapanga ya impela, maji yanapoingia kwa kasi. Kani ikigusa kiwango hicho hapo, vipovu vya mvuke huzaliwa kwa maelfu. Vikisogea sentimita chache mbele vinakuta kani imepanda na vinabonyea ghafla. Kipovu kinachobonyea karibu na chuma hakibonyei sawasawa. Upande mmoja hutumbukia ndani na kurusha sindano ya maji inayokipiga chuma. Pigo moja si kitu. Lakini mapigo yakirudiwa mahali pamoja kwa wiki na miezi hung'oa chembe za chuma na kuacha vishimo vidogo vilivyosongamana. Hiyo ndiyo kaviteshoni, na alama zake huonekana hasa upande wa kuingilia wa mapanga, jambo linalosaidia kuitofautisha na mchanga, ambao hulainisha na kukwangua njia nzima ya maji.

Sasa tuchukue pampu moja tuipige hesabu. Inatoa mita za ujazo 45 kwa saa, na kwa kiasi hicho katalogi inasema NPSHr ni mita 3. Imekaa juu ya tangi la chini ya ardhi. Tangi likiwa na maji ya kutosha, uso wa maji uko mita 3 chini ya kitovu cha pampu. Swichi ya kuelea huizima pampu maji yakifika mita 4.5 chini. Bomba la kufyonza ni la inchi 4, lina urefu wa mita 8, kiwiko kimoja, na chini kabisa vali yenye chujio inayozuia maji yasirudi. Kwa mwendo huo, bomba, kiwiko na vali hula jumla ya mita 1.1, na sehemu kubwa huliwa na vali yenye chujio, si bomba. Dar es Salaam, maji yakiwa nyuzi 30 na tangi likiwa limeshuka hadi mwisho, tunatoa kwenye 10.3 mita 0.4 za mvuke, 4.5 za kimo na 1.1 za msuguano, zinabaki 4.3. Pampu inataka 3, kwa hiyo kuna nafasi ya mita 1.3. Nairobi, mitambo ikiwa ileile na maji yakiwa ya nyuzi 20, tunaanza na 8.4, tunatoa 0.2, 4.5 na 1.1. Zinabaki 2.6. Pampu iliyo salama pwani imepungukiwa na karibu nusu mita bila kubadilishwa hata boliti moja.

Fundi atakayeijaribu pampu hiyo ya Nairobi tangi likiwa limejaa hataona kasoro. Kwa kimo cha mita 3, NPSHa ni 4.1, na pampu itazunguka kwa utulivu. Jioni, wapangaji wakishateka na maji yakashuka, itaanza kusikika kama inasaga kokoto. Ndiyo maana jibu la kawaida, kwamba tuliijaribu ikafanya kazi, halitoshi. Hesabu inatakiwa kufanywa kwa hali mbaya kuliko zote zinazoweza kukutana: maji ya chini kabisa ambayo swichi inayaruhusu, chujio likiwa na uchafu wa miezi kadhaa, maji yakiwa na joto la msimu wa joto, na mtiririko mkubwa kuliko ule wa kwenye mkataba. Asubuhi ya makabidhiano haina hata moja kati ya hayo.

Lakini tuseme tumefanya hesabu kwa hali hiyo mbaya na tukapata NPSHa ya mita 3.1 dhidi ya 3 za katalogi. Je, tumepona? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoridhika pindi namba ya kwanza inapoizidi ya pili. NPSHr hupatikana kiwandani kwa kushikilia mtiririko mmoja na kupunguza kani ya upande wa kuingilia kidogo kidogo, mpaka kimo ambacho pampu inasukuma kipungue kwa asilimia 3. Hapo ndipo namba inaandikwa. Ili kimo kipungue kiasi hicho, vipovu lazima viwe vimeshaziba sehemu ya njia ya maji. Vya kwanza vilizaliwa zamani, kani ikiwa bado juu zaidi. Kwa hiyo pampu inayofanya kazi penye NPSHr yake hasa inafanya kazi ndani ya kaviteshoni. Kwa maji ya kawaida na pampu ya ukubwa huu, mita moja juu ya NPSHr ndiyo ningeikubali, na nusu mita ni pale ambapo hakuna njia nyingine.

Wapo watakaosema mambo haya yote yanamalizwa na geji: ifungwe kwenye mlango wa kufyonza, isomwe. Ni ushauri mzuri ukiambatana na ufahamu wa mahali geji ilipo. Kwa mfano wetu, tangi likiwa chini, geji itasoma takriban baa 0.56 chini ya sifuri, Nairobi na Dar es Salaam sawia, kwa sababu inalinganisha kani ya ndani na hewa iliyoizunguka. Usomaji huo mmoja unamaanisha mita 4.3 zimebaki pwani na 2.6 zimebaki Nairobi. Sikio nalo lisaidiwe. Hewa inayopenya kwenye maungio mabovu ya bomba la kufyonza huleta kelele inayokaribiana na ya kaviteshoni. Jaribio rahisi ni kuibana taratibu vali ya upande wa kutolea. Ikiwa ni kaviteshoni, mtiririko ukipungua msuguano unapungua na mahitaji ya pampu yanapungua, hivyo kelele hutulia. Hewa inayovuja kwa kawaida haiponi kwa dawa hiyo. Vali ya upande wa kufyonza isiguswe kamwe kwa nia hii, maana kuibana ni kuongeza msuguano palepale ambapo mtaji umeisha.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kununua pampu kubwa zaidi huongeza tatizo. Kubwa hutoa maji mengi kuliko inavyohitajika, na NPSHr hupanda pamoja na mtiririko. Mtiririko wa mfano wetu ukipanda kutoka 45 hadi 60, msuguano hukaribia kuongezeka mara mbili, kutoka mita 1.1 hadi 2, huku mahitaji ya pampu yakiweza kufika 4.5. Hata Dar es Salaam zitakuwa zimebaki mita 3.4 tu. Ubahili wa bomba nao huleta matokeo yaleyale: mfano uleule ukifungiwa bomba la inchi 3, msuguano hupanda hadi mita 3.1, na pampu ya Nairobi inashindwa hata tangi likiwa limejaa. Bei ya inchi moja ya ziada kwenye mita nane za bomba ni ndogo mno kuijadili.

Tiba iliyo bora ni kuishusha pampu iwe chini ya uso wa maji, au kutumia ya kuzamishwa, ila kwa jengo lililokwisha simama hiyo ni kubomoa. Kwa pampu yetu ya Nairobi, kubana upande wa kutolea hadi mita za ujazo 36 kwa saa kungeshusha msuguano hadi mita 0.7 na kupandisha NPSHa hadi 3.0, huku mahitaji yakishuka chini ya mita 3. Muda wa kujaza tangi la juu utaongezeka kwa robo. Njia nyingine ni kuinua swichi ya kuelea ili pampu izimike maji yakiwa mita 3.5 chini badala ya 4.5, na NPSHa ya hali mbaya iwe 3.6. Tangi likiwa na sakafu ya mita 4 kwa 3, mita hiyo moja ni lita 12,000 ambazo pampu haitazigusa tena, na mwenye jengo lazima aambiwe hivyo kabla swichi haijasogezwa, kwa sababu siku mgawo wa maji ukikatika ndizo atakazoziulizia.