Sasa Huyu Alifanya Nini Hasa?

Siku mbili tatu baada ya Mei Mosi, kwenye ofisi nyingi za Tanzania karatasi mpya hubandikwa ubaoni, au jarida la ndani husambazwa kwa watumishi. Picha ni ileile ya kila mwaka. Mtumishi amevaa fulana na kofia ya sherehe, mkono mmoja umeshika cheti, wa pili unapeana na mkuu wa taasisi, na pembeni umesimamishwa mfano wa hundi wenye ukubwa wa meza. Chini ya picha kuna maneno yaliyozoeleka: mchapakazi asiyechoka, nguzo ya idara, kielelezo cha kuigwa na wote. Watu wa masjala wanasoma hadi mwisho, wanatazamana, kisha mmoja anauliza kwa sauti ya chini: "Sasa huyu alifanya nini hasa?"

Swali hilo halina wivu ndani yake, au tuseme halina wivu mwingi. Msomaji ameambiwa mwenzake ni hodari lakini hakuonyeshwa uhodari wenyewe. Mwandishi wa jarida, ambaye mara nyingi ni ofisa uhusiano au mtu wa utumishi aliyebebeshwa kazi hiyo juu ya kazi zake, ameorodhesha sifa na kusahau tendo. Zile sifa ukizihamishia kwa dereva, mhasibu au mlinzi wa getini zinawakaa wote bila kupunguzwa wala kuongezwa. Hapo ndipo habari inapokufa.

Utaratibu wenyewe ni wa siku nyingi. Mei Mosi, inayokumbusha madai ya wafanyakazi wa Chicago ya kazi ya saa nane kwa siku mwaka 1886, ni sikukuu ya kitaifa Tanzania, na taasisi za umma na za binafsi huitumia kuwatuza wafanyakazi wao hodari. Ofisi moja hutoa fedha, nyingine jokofu au mabati, nyingine cheti tu na picha. Sherehe huisha mchana uleule. Kinachobaki ni ile habari ya jarida.

Tuchukue mfano wa kutunga, ila wa kawaida kabisa: mtunza stoo ya dawa wa hospitali ya wilaya amechaguliwa kuwa mfanyakazi hodari. Rasimu ya kwanza ya jarida inasema ameleta mapinduzi makubwa katika huduma za dawa na kuiokolea hospitali mamilioni ya shilingi. Maneno ni matamu. Lakini mfamasia anajua si kweli, mhasibu anajua hakuna hesabu hiyo, na mtunza stoo mwenyewe ataona haya kupita koridoni.

Dawa ya rasimu kama hiyo ni kuinuka kwenye kiti na kwenda stoo. Nusu saa inatosha. Mwandishi akifika ataona kitu ambacho barua ya uteuzi haikukitaja: kila boksi limeandikwa kwa kalamu nene mwezi na mwaka wa kuisha muda wa matumizi, na maandishi yote yametazama mlangoni. Maboksi yanayokaribia kuisha muda yamesogezwa mbele ili yatoke kwanza, hata kama mengine yaliingia mapema zaidi. Kwenye leja kuna alama ndogo za penseli. Akiuliza, ataambiwa kwamba kila Ijumaa alasiri mtunza stoo huchagua aina kumi za dawa, akazihesabu moja moja kwenye rafu na kulinganisha na leja. Hesabu ikipishana, haondoki mpaka ajue kwa nini. Dawa ikionekana haitatumika hospitalini kabla ya muda wake, hupeleka taarifa mapema ili, kwa idhini ya uongozi wa afya wa wilaya, ihamishiwe kwenye zahanati inayoihitaji.

Hayo ndiyo matendo. Hayahitaji kivumishi chochote, na yanawahusu watu wa idara nyingine pia, kwa sababu nesi wa wodini anajua maana ya kufuata dawa stoo na kuambiwa ile iliyopo imeisha muda.

Baada ya tendo inakuja namba, na namba ndiyo inayowaponza wengi. Tuseme katika hesabu ya mwisho wa mwaka uliotangulia aina 14 za dawa zilikutwa zimeisha muda zikiwa rafuni, na mwaka huu ni 4. Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba upotevu umeshuka kwa asilimia 71. Hajadanganya, lakini asilimia hiyo inavimba kuliko jambo lenyewe, na msomaji hajui ni asilimia ya nini. "Kutoka aina 14 hadi 4" ni fupi zaidi, na kila mtu anaielewa bila kikokotoo.

Kisha kuna swali ambalo waandishi wa majarida ya ndani hulikwepa: je, ni yeye peke yake? Huenda mwaka huohuo hospitali ilianza kuagiza mzigo mdogo mara nyingi zaidi badala ya mkubwa mara chache. Hilo peke yake hupunguza dawa zinazokaa hadi kuisha muda. Kulitaja hakumpunguzii mshindi kitu. Kulificha ndiko kunakomponza, kwa sababu waliobadilisha utaratibu wa kuagiza nao wanasoma jarida. Sentensi moja inatosha: mfamasia wa hospitali anasema mabadiliko ya uagizaji nayo yamechangia. Yale mamilioni yaliyookolewa, kama mhasibu hana karatasi inayoonyesha yamepatikanaje, yafutwe.

Sehemu ya pili inayostahili nafasi ni namna mshindi alivyopatikana. Majarida mengi humaliza jambo hili kwa maneno matatu, "amechaguliwa na menejimenti", na hapo minong'ono huanza: ni zamu ya idara yao, au ni mtu wa bosi. Wasomaji wakiambiwa kwamba kila kitengo kilipiga kura ya siri, kwamba majina matano yalifika kwenye kamati, na kwamba mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alikuwamo, wengi watatulia, hata waliompigia mwingine. Ila utaratibu uandikwe kama ulivyokuwa. Kuna ofisi ambazo idara hupokezana tuzo mwaka hadi mwaka. Si dhambi, lakini jarida la ofisi hiyo lisijifanye kulikuwa na mchuano mkali.

Na joto la habari litoke wapi, kama sifa zote zimekatwa? Litoke kinywani mwa mhusika. Nukuu za majarida haya zinafanana kiasi kwamba mtu angeweza kuziandika kabla ya sherehe: anamshukuru Mungu, anaushukuru uongozi, anaahidi kuongeza bidii. Mara nyingi kweli huandikwa kabla ya sherehe. Mhusika si wa kulaumiwa, maana aliulizwa "unajisikiaje?", na swali hilo lina jibu moja tu. Mwandishi akimuuliza, "Ijumaa ile ya kwanza ulianzia wapi kuhesabu?", atapata kitu kingine kabisa. Pengine atasema: "Nilianza na rafu ya chini kabisa, maana ndiyo nilikuwa naisahau." Ndani ya maneno hayo machache kuna mtu. Anakiri kosa lake dogo, na wenzake wanatabasamu kwa sababu kila mmoja ana rafu yake ya chini.

Wapo wanaotafuta joto hilo mahali pasipo pake. Wanaandika kwamba mshindi alifika kazini licha ya kuugua, au kwamba analea watoto peke yake tangu mwenzi wake afariki. Nia ni njema, lakini habari hizo si za ofisi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinazipa habari za afya ya mtu ulinzi wa pekee. Jarida la "ndani" nalo hupigwa picha kwa simu, na kufikia jioni limeshafika kijijini kwa mshindi. Kwa hiyo rasimu asomeshwe mhusika kabla haijatoka. Akisema aya fulani iondolewe, iondolewe bila mjadala. Usomaji huo husaidia pia jambo dogo linaloudhi kuliko yote: jina kukosewa. Mtu aliyesubiri miaka kumi kutajwa, kisha akaandikwa Saidi badala ya Saidia, hatasahau.

Picha nayo ifikiriwe. Ile ya kupeana mikono ni kumbukumbu ya sherehe, na mara nyingi anayeonekana vizuri zaidi ni mgeni rasmi. Picha ya mtunza stoo akiwa mbele ya rafu yake, leja mkononi, inaeleza nusu ya habari kabla msomaji hajaanza kusoma.

Rasimu ya pili ya mfano wetu, baada ya ile nusu saa ya stoo, ingesomeka hivi, jina lake kamili likitangulia:

"Mtunza stoo ya dawa, aliyepo hospitalini hapa tangu mwaka 2016, ndiye mfanyakazi hodari wa mwaka huu. Jina lake lilikuwa miongoni mwa matano yaliyopendekezwa na vitengo kwa kura ya siri. Kamati imetaja utaratibu wake wa kuhesabu aina kumi za dawa kila Ijumaa na kuzilinganisha na leja. Mwaka uliopita aina 14 za dawa zilikutwa zimeisha muda rafuni. Mwaka huu ni 4. Mfamasia anasema mabadiliko ya uagizaji nayo yamechangia. 'Nilianza na rafu ya chini kabisa,' anasema mshindi, 'maana ndiyo nilikuwa naisahau.' Amekabidhiwa cheti na jokofu katika sherehe za Mei Mosi."

Haifiki maneno mia moja, na hakuna hata neno moja linalodai kwamba yeye ni bora kuliko mwingine. Nesi akiisoma atakumbuka siku aliyopewa dawa bila kuzungushwa. Mtunza stoo wa hospitali jirani, ikimfikia, anaweza kujaribu Ijumaa ijayo, kwa sababu ameambiwa hatua zenyewe.

Kasoro ya habari hugundulika mapema kwa mtu aliye tayari kusikiliza. Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mwenzake mmoja wa mshindi, wa kitengo kilekile. Akicheka mahali pasipochekesha, pana chumvi. Akisema "kweli, lakini fulani naye alikuwepo", pana jina limeachwa. Akinyamaza halafu akaongeza kisa ambacho mwandishi hakukijua, kalamu itolewe tena, kwa sababu huenda kisa hicho ndicho kilistahili kuwa aya ya kwanza.