Chupa Tamu ya Usiku: Maneno ya Muuguzi wa Meno kwa Mama

Tuchukue mfano wa mama aliye na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye halali ila awe na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari mdomoni. Akionyeshwa picha za meno yaliyooza, mama huyu huona haya na kunyamaza, na anyamazaye ni vigumu kusaidiwa. Kwa hivyo tumemwandalia muuguzi wa meno maneno haya, yanayoanza kwa swali.

"Mama, mtoto hulala na nini, na chupa humtoka mdomoni saa ngapi? Nani mwingine humlaza?"

Amsikilize hadi mwisho, kisha aseme:

"Ahsante kwa kunieleza. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu. Vikipata sukari huigeuza kuwa tindikali, nayo hulainisha ganda la jino. Mchana mate huiosha na kulirudishia jino madini yake. Usingizini mate hupungua sana. Ndiyo maana chai ileile inayonywewa alasiri ikaisha, ikinyonywa kidogo kidogo usiku hukaa juu ya meno kwa saa nyingi. Sharubati ya matunda ni vivyo hivyo, hata isipotiwa sukari."

Hapo wainue pamoja mdomo wa juu wa mtoto.

"Tuanze na meno ya mbele ya juu, kwani ya chini hukingwa na ulimi na mate. Ukiona mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi, ni dalili ya mapema. Jino halijatoboka, na tukiondoa sukari ya usiku na kutumia floraidi, laweza kupata nguvu tena. Ukiona rangi ya kahawia au kishimo, mlete tulitazame. Hilo halizibiki lenyewe."

Kisha wapange njia. Ikiwa chupa hutiwa vijiko 2 vya sukari, muuguzi aseme:

"Usiikate ghafla. Siku 3 tia kijiko 1 na nusu, siku 3 nyingine kijiko 1, kisha nusu kwa siku 3. Baada ya hapo ongeza maji kila usiku hadi chupa iwe ya maji matupu, kwani maziwa nayo yana sukari yake. Kinywaji kitamu apewe pamoja na chakula cha jioni, kwa kikombe. Halafu mpige mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele, na baada yake maji tu mpaka asubuhi."

Mpango huu huvunjika usiku mtoto anapolia na nyanya yake, kwa huruma, akamrudishia chupa tamu. Hivyo muuguzi amwombe mama aje naye safari ijayo, au amweleze nyumbani kwa maneno yaya haya. Mwisho, mama aeleze kwa kauli yake atakachofanya usiku wa leo. Akiweza kukieleza, basi amefahamu.