Mume Aliyebadilika Baada ya Arubaini: Je, Wanaume Nao Hukoma?

Ukishuka basi katika Barabara ya Jogoo, ukaingia mitaa ya Eastlands kuelekea Umoja au Kayole, utayakuta matangazo madogo yaliyobandikwa juu ya nguzo za umeme. Yanaahidi kurudisha nguvu za kiume kwa siku tatu. Siku hizi tangazo hilo limepata lugha mpya. Mwanamume aliyepita miaka arubaini, anayechoka mapema, mkali kwa watoto na mvivu wa kitandani, huambiwa kwamba amefikia “ukomo wa hedhi wa wanaume”, na kwamba dawa yake ni sindano ya homoni.

Dada zetu kadhaa walioolewa katika mitaa hiyo wametuuliza kama jambo hilo ni la kweli. Swali lina uzito, kwa kuwa mara nyingi mke ndiye wa kwanza kuyaona mabadiliko, na pesa za sindano hutoka katika mfuko wa nyumba. Jibu letu ni kwamba upo ugonjwa wa kupungukiwa na homoni ya kiume katika umri mkubwa, lakini ni wa wachache, una vipimo vyake maalumu, na jina hilo la ukomo wa hedhi linaupotosha.

Tuanze na jina. Mwanamke hukoma hedhi kwa sababu mayai aliyozaliwa nayo yamekwisha. Ovari zikifika hapo huacha kazi, homoni zake hushuka sana kwa muda mfupi, na uzazi hufungwa. Jambo hili humfika kila mwanamke anayejaliwa umri, wengi wao karibu na miaka hamsini. Ndiyo maana mwanamke wa umri huo aliyekaa miezi kumi na miwili bila hedhi kwa kawaida hahitaji kipimo cha damu ili ajue hali yake. Umri na kalenda vinatosha.

Mwanamume hana siku kama hiyo. Korodani huendelea kutengeneza mbegu na homoni iitwayo testosteroni mpaka uzeeni, na wapo wazee wa miaka sabini wanaozaa. Homoni hiyo hupungua, naam, lakini kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na kwa wanaume wengi wenye afya njema hubaki katika kiwango cha kawaida. Inaposhuka sana, mara nyingi kuna kitu kilichoishusha: unene wa tumbo, kisukari, dawa fulani za maumivu makali, au maradhi ya korodani zenyewe au ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Basi kusema “amekoma” ni kuufanya ugonjwa uonekane kama umri, na mtu aliyeambiwa kwamba ni umri hatafuti tena chanzo.

Ni wangapi hasa wenye upungufu huu? Utafiti unaotegemewa zaidi ulichapishwa mwaka 2010, nao uliwachunguza wanaume 3,369 wa umri wa miaka 40 hadi 79 katika miji minane ya Ulaya. Watafiti waliwauliza juu ya dalili nyingi za mwili na moyo, kisha wakazilinganisha na viwango vya damu. Waliotimiza masharti yote ya ugonjwa walikuwa takriban wawili katika kila mia. Miongoni mwa wenye miaka arubaini na kitu, hawakufika hata mmoja katika mia. Hao walikuwa Wazungu, wala hatusemi kwamba hesabu ya Nairobi ni hiyo hiyo; lakini yatosha kuonyesha kwamba mwanamume wa miaka 45 anayechoka ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na tatizo jingine.

Masharti yenyewe ni mawili, na yote mawili lazima yatimie. La kwanza ni dalili. Katika utafiti ule, uchovu, huzuni na udhaifu wa viungo havikuweza kuutambulisha ugonjwa, kwa kuwa huwapata pia wanaume wenye homoni ya kutosha. Dalili tatu tu ndizo zilizokwenda pamoja na upungufu wa homoni: kupungua kwa hamu na fikra za tendo la ndoa, kutosimama kwa uume wakati wa kuamka asubuhi, na kushindwa kusimama wakati wa tendo lenyewe. Zinatakiwa zote tatu.

Sharti la pili ni damu. Watafiti waliweka mpaka wa testosteroni yote iliyo katika damu kuwa chini ya nanomoli 11 kwa lita, na ile iliyo huru, isiyoshikwa na protini, kuwa chini ya pikomoli 220 kwa lita. Maabara nyingine huandika kwa nanogramu kwa mililita; hapo mpaka huo ni kama 3.2. Wako madaktari wanaotumia mpaka wa chini zaidi, karibu na nanomoli 9, na kila maabara ina kiwango chake. Kwa hiyo nambari iliyo karibu na mpaka haihukumu peke yake.

Kinachoharibu hesabu hii mara nyingi ni saa ya kutoa damu. Testosteroni hupanda mtu anapolala na huwa juu kabisa anapoamka, kisha hushuka kadiri mchana unavyosonga. Chakula nacho huishusha kwa muda. Kwa hiyo damu hutolewa asubuhi, baina ya saa moja na saa nne, kabla ya kufungua kinywa, wala si wakati mtu ana homa au ametoka kulazwa. Ikionekana imepungua, hupimwa tena siku nyingine kwa utaratibu ule ule. Kipimo kimoja hakimtii mtu ugonjwani. Na katika mwezi wa Ramadhani, aliyekula daku alfajiri hajakaa na njaa ya kutosha ifikapo saa mbili, na usingizi wake umekatika. Ni afadhali angoje mpaka Idi ipite.

Tuchukue mfano, tulioutunga kutokana na maisha ya mitaa hiyo. Bwana wa miaka 52, mkazi wa Umoja, ni mlinzi wa usiku katika ghala moja la Industrial Area. Hurudi nyumbani saa moja asubuhi, hulala vipande vipande kwa kelele za mtaa, na ana kilo 94 kwa urefu wa sentimita 168. Kwa mwaka mzima amekuwa mchovu, na tendo la ndoa limemshinda. Anaingia zahanati moja saa tisa alasiri, akiwa ametoka kula chakula cha mchana. Karatasi inarudi na nanogramu 2.6, sawa na nanomoli 9. Anaambiwa amekoma kama wanawake wanavyokoma, aanze sindano mara moja, na ajue kwamba ni za kudumu.

Mkewe anasita, anamwambia, “Baba Salim, hebu tumwone daktari mwingine kwanza.” Daktari huyo anaanza kwa maswali. Hamu ipo? Ipo, kama zamani. Uume husimama unapoamka? Haujasimama kwa miezi mingi. Na wakati wa tendo? Hausimami imara. Hapo dalili ni mbili, si tatu. Iliyokosekana ndiyo yenye maana zaidi: mtu mwenye hamu kamili lakini mwili haumtii, mara nyingi ana kasoro katika mishipa ya damu au ya fahamu. Daktari anauliza pia kama anaamka kwenda haja ndogo. Anajibu kwamba hata kazini hukatiza lindo mara nne kwa usiku, na kiu haimwishi.

Anaambiwa apumzike zamu kwa siku kadhaa, alale usiku nyumbani, kisha apimwe saa moja na nusu asubuhi kabla ya kula. Safari hii testosteroni ni nanogramu 3.9, yaani kama nanomoli 13.5. Imevuka mpaka. Kilichopungua mara ya kwanza ni usingizi na saa, si korodani. Lakini sukari ya damu, iliyopimwa kwa sindano ile ile, ni milimoli 9.1 kwa lita, na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu ni asilimia 7.8. Mpaka wa kisukari ni 7.0 kwa cha kwanza na 6.5 kwa cha pili. Bwana huyu ana kisukari, na ndicho kilichokuwa kikiila mishipa yake. Lau angeanza sindano, sukari ingeendelea kumla huku akiamini ametibiwa.

Na kama asubuhi mbili zote zingeonyesha upungufu, na dalili zote tatu zipo? Hata hapo dawa haiji kwanza. Hupimwa homoni ya pituitari inayoziamrisha korodani, ambayo katika karatasi ya maabara huandikwa LH. Ikiwa juu sana, amri inatolewa lakini korodani hazina uwezo. Ikiwa chini au ya kawaida ilhali testosteroni ni kidogo, amri yenyewe ni dhaifu, na huenda sababu ni unene, dawa au uvimbe wa pituitari. Mtu mnene akipunguza uzito kwa kiasi kikubwa, homoni hupanda yenyewe.

Kwa wale wachache wenye upungufu wa kweli, tiba ipo na huwafaa. Majaribio kwa wanaume wa miaka 65 na zaidi yalionyesha kwamba hamu na uwezo wa tendo huongezeka kwa kiasi cha wastani. Lakini ina sharti moja ambalo wake walio na nia ya kuzaa wanapaswa kulijua: testosteroni inayotoka nje huiambia pituitari inyamaze, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Mwanamume anayedungwa ili “awe dume” anaweza kushindwa kutia mimba kwa miezi mingi, hata baada ya kuacha. Dawa hiyo pia huifanya damu kuwa nzito, hivyo damu na tezi dume hukaguliwa mara kwa mara. Mchuuzi wa sindano hana mpango wa ukaguzi huo.

Mwenzetu mwenye mume aliyebadilika basi, kabla ya kutoa shilingi, na aiangalie karatasi ya maabara kwa maswali manne. Damu ilitolewa saa ngapi? Alikuwa amelala usiku na hajala? Imepimwa mara mbili? Na je, sukari, shinikizo la damu na dawa anazotumia vimeangaliwa? Likikosekana jibu la mojawapo, bado hajajulikana anaumwa nini. Siri za chumbani ni amana, wala hakuna haja ya kuzitoa barazani; lakini mke anayemsindikiza mumewe kwa daktari, akamkumbusha kutaja kiu na kuamka usiku, hajavunja amana hiyo. Pengine amemwokoa macho na figo zake.