Mkataba ukiridhiwa, huwa sheria?

Wafuasi wa uwili husema la, mpaka Bunge litunge sheria yake. Wa umoja husema kuridhia kwatosha. Kenya tulifuata uwili hadi Katiba ya 2010, ambayo Kifungu 2(6) chasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria zetu.

Septemba mwaka huo, Jaji Martha Koome aliamua kwamba kumfunga mdaiwa kwa kushindwa kulipa deni kunakiuka Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, basi sheria yetu ya madeni ikabwagwa. Ngoja kidogo! Mwaka 2012, Jaji David Majanja alikataa kuuweka mkataba juu ya sheria ya Bunge. Mdaiwa hufungwa iwapo anazo pesa ila hataki kulipa. Mimi naona Majanja alilisoma vyema neno “sehemu”.