Mgonjwa ni wa Kweli, Namba ni ya Mwizi

Tuchukue tangazo la mfano, nililolitunga kwa mtindo wa yale yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp:

"Ndugu zangu Wamanyema, mtoto huyu wa miaka 6 ametoka Kabambare, amelazwa Hospitali ya Kasongo. Ana uvimbe tumboni. Upasuaji ni dola 850, kabla ya Ijumaa. Tumeni Airtel Money kwa namba hii. Dokta wake anapatikana kwa namba hii ya pili."

Chini yake kuna picha ya mtoto mwenye dripu mkononi. Tangazo kama hilo likitoka Kindu leo asubuhi, jioni limeshafika Bukavu, Goma, Buyenzi kule Bujumbura na Ujiji ng'ambo ya ziwa, ambako Wamanyema wamejenga vizazi na vizazi. Wanaolipokea wanaijua Kasongo kwa jina au kwa asili. Wachache mno wanajua ni nani anafanya kazi hospitalini mwaka huu. Ndipo mwizi anapopata nafasi.

Wengi wakishuku, huichunguza picha. Ni vizuri, lakini haitoshi. Google Lens inaweza kukuonyesha kwamba picha hiyo ilishawekwa mtandaoni miaka mitatu iliyopita, katika nchi nyingine. Hapo kazi imekwisha. Lakini ikikosa kuipata, hujathibitisha lolote. Picha iliyozunguka ndani ya makundi ya WhatsApp tu haiwezi kupatikana kwa njia hiyo. Tena kuna wizi usiohitaji picha ya uongo: mtu huchukua tangazo la kweli, la mtoto wa kweli, akafuta namba ya familia na kuweka yake. Wakati mwingine mtoto alishapona au alishafariki, na tangazo bado linatembea.

Kwa hiyo swali "je, habari hii ni ya kweli?" ni pana mno. Ligawe katika maswali matatu. Je, mgonjwa yupo? Je, amelazwa pale leo? Je, pesa hizi zitafika kwenye kitanda chake? Jibu la moja halijibu jingine.

Tuanze na mgonjwa. Kusini mwa Maniema mgonjwa hupita njia inayoacha nyayo. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilifanya kazi Kasongo kwa mpango wa hospitali moja kuzungukwa na vituo vidogo vya afya, na uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa zoni za afya ambazo Kongo nzima inazitumia. Mgonjwa wa kijijini huanza kwenye kituo cha afya. Muuguzi akishindwa, humwandikia karatasi ya kumpeleka hospitali jenerali ya zoni. Muulize mwenye tangazo: mtoto ametoka kijiji gani, na kituo gani kilimwandikia karatasi? Neno "Kabambare" peke yake halitoshi, kwa sababu teritwari hiyo ina zoni tatu za afya: Kabambare, Lusangi na Saramabila. Familia ya kweli hujibu bila kufikiri, maana ilimbeba mtoto kwa pikipiki hadi pale. Mwizi hurudi kwenye machozi: "Ndugu, mtoto anakufa, wewe unauliza kijiji?"

Usimhukumu mtu kwa jibu moja, hata hivyo. Wapo wanaoruka kituo cha afya na kwenda moja kwa moja mjini, wakakosa karatasi. Ukipata jina la kijiji, mtafute mtu wa huko: reko wa mtaa, katekista, imamu, au mwendesha pikipiki wa njia hiyo. Kijijini, mtoto aliyepelekwa hospitali na uvimbe tumboni si siri.

Sasa kitanda. Hapa kuna kosa linalowaponza hata watu makini: wanapiga namba ya "dokta" iliyoandikwa kwenye tangazo. Anapokea mtu mwenye sauti tulivu, anataja majina ya dawa, anathibitisha kila kitu. Bila shaka atathibitisha. Namba hiyo aliiweka yule yule anayeomba pesa. Kanuni ni moja: namba ya hospitali isitoke kamwe kwenye tangazo. Itafute kwa njia nyingine, kwa mfano ofisi ya zoni ya afya, ofisi ya afya ya dayosisi ya Kasongo, au ndugu anayeishi mjini. Iliyo bora zaidi ni miguu: mtu wako aende wodini, asimame mbele ya kitanda.

Hospitali ina haki ya kukataa kukueleza ugonjwa wa mtu, na ikikataa usiichukue kuwa dalili ya wizi. Usiulize ana nini. Mwombe mzazi aliye kando ya kitanda ampe muuguzi wa zamu simu, aseme mwenyewe kwamba anaruhusu, kisha uulize mambo mawili tu: mtoto huyu amelazwa hapa leo? Kuna fakitire ya kulipwa? Usidai picha mpya ya kidonda wala video ya mtoto akiwa uchi. Haithibitishi kitu, na inamvunjia heshima.

Pima pia kama matibabu yanalingana na mahali. Upasuaji wa kujifungua, henia au apendiksi ni kazi ya kawaida ya hospitali jenerali. Lakini tangazo likisema mtu anapigwa mionzi ya saratani katika hospitali ya zoni, simama. Huduma hiyo haitolewi katika ngazi hiyo.

Limebaki swali la pesa, na ndilo linalosahaulika. Tuseme mtoto yupo na fakitire ipo. Namba ya Airtel Money ni ya nani? Jina likitokea kwenye skrini kabla hujathibitisha, lisome na umuulize mzazi. Likiwa tofauti, bado si hukumu: kadi za simu nyingi zimeandikishwa kwa jina la binamu au jirani, na mama wa kijijini huenda hana simu kabisa. Ni mzazi, kwa mdomo wake, atakayesema "ndiyo, huyo ni mdogo wangu" au "simjui."

Njia inayokata mzizi ni kutomtumia mtu wa tangazo chochote. Mtumie mtu wako mjini Kasongo, aende kwenye kasha la hospitali, alipe fakitire yenye jina la mtoto, kisha akupigie picha risiti. Utaona kiasi halisi, ambacho huenda si 850. Chakula na dawa za nje ya fakitire apewe mzazi mkononi. Mwizi aliyebadilisha namba hapati kitu kwa njia hii, hata kama tangazo lake lilikuwa zuri kiasi gani.

Kama umeshatuma, usifute ujumbe wa muamala, maana ndani yake mna namba ya kumbukumbu. Pigia kampuni ya simu saa hiyo hiyo. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu sana. Kisha nenda kwa afisa wa polisi wa mahakama na ujumbe huo. Sheria ya makosa ya jinai ya Kongo inaadhibu utapeli.

Na wewe unayesambaza matangazo ya kweli: andika tarehe, kijiji, wodi, na jina la aliyekwenda kumwona mgonjwa. Fakitire ikishalipwa, rudi kwenye kundi useme imelipwa. Tangazo lisilofungwa ndilo mwizi anakuja kulichukua.