Dakika 5 mlangoni kwa muuza kanga

Wiki mbili kabla ya kufungua duka lake la pili kule Mbagala Rangi Tatu, mama mmoja muuza kanga wa Kariakoo alinipigia simu. Alikuwa ameniita niwe mshereheshaji wa siku hiyo, lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa ratiba wala turubai. "Mwanangu," aliniambia, "kuuza naweza toka asubuhi mpaka magharibi. Kushika maiki mbele ya watu, hapo sijui nianzie wapi."

Nikamwomba aandike vyovyote atakavyo, halafu anisomee kwa sauti huku nikitazama saa. Alitumia dakika 11. Dakika 4 za mwanzo zilikwisha kwa vyeo: mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji, viongozi wa vikoba, mmoja baada ya mwingine. Zikafuata nyingine 4 za maisha yake tangu alipokuwa akitembeza kanga begani. Wateja walijitokeza karibu na mwisho, kwa sentensi moja: "Nawashukuru wateja wangu wote." Nimeshasimamia shughuli nyingi za namna hii, na karibu kila mara kasoro ni hiyohiyo. Mwenye duka anawaita wateja wake, kisha anazungumza na meza kuu.

Vyeo vilikuwa na dawa nyepesi. Mshereheshaji ndiye anayewatambulisha viongozi kabla mwenye shughuli hajasimama, basi yeye akija anasema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Hakuna anayevunjiwa heshima. Historia ya maisha tuliikata ikabaki kipande kimoja kinachowahusu waliokuja.

Kazi ilikuwa kwenye shukrani. Nilimuuliza: katika miaka yote hiyo, mteja gani alikufanyia jambo ambalo bila hilo duka lisingekuwa hivi lilivyo? Hakufikiri sana. Kuna mwaka aliingiza robota la kanga nyekundu zenye mji mweupe, zikatoka upesi kwa kuwa harusi zilikuwa nyingi. Siku chache baadaye mteja mmoja akarudi na doti yake imeloweshwa mara moja tu, wekundu umeenea hadi kwenye maandishi, jina la kanga halisomeki. Hakupiga kelele dukani. Alimvuta pembeni, akaitandaza kanga juu ya meza, akasema: "Dada, hizi zinachuja. Usiwauzie wenzangu." Mama yule aliziondoa zilizobaki, akawarejeshea fedha waliokuja kulalamika. Tangu hapo, kila robota jipya likifunguliwa analowesha pembe ya kanga moja, anaikunja ndani ya kitambaa cheupe, anaikandamiza kwa kiganja. Kitambaa kikitoka na rangi, mzigo haupandi rafuni.

Nikamwambia, hotuba ndiyo hiyo. Shukrani ya "wateja wote" haimgusi yeyote, ila shukrani ya jambo moja lililotendeka kweli inamfanya kila aliyeketi pale akumbuke lake. Jina la mteja yule hatukulitaja, kwa sababu hakuwa ameombwa ruhusa, na kisa kilijitosheleza bila jina.

Kuhusu majina tulivutana kidogo. Alitaka kuwataja wanawake watatu wanaochukua mzigo kwa mali kauli, yaani wanaondoka na doti kwa kuaminiana na kulipa wakishauza, akiwasifu kwamba hawajawahi kuchelewesha. Nia ilikuwa njema. Lakini wachukuaji wa mali kauli walikuwa zaidi ya kumi, wote wamealikwa. Ukiwataja watatu wanaolipa kwa wakati, waliosalia umewasoma daftari la madeni hadharani. Aliponyamaza nikajua ameelewa. Tukaandika: "Ninyi mnaochukua mzigo wangu kwa mali kauli, mmebeba jina la duka hili hadi mitaa ambayo mimi sijafika."

Siku ilipofika alisimama amejifunga doti iliyoandikwa "Wema hauozi". Watu waliisoma kabla hajafungua mdomo, na wanawake wa mbele wakaanza kugusana viwiko. Kwa muuza kanga, nguo aliyovaa ni sehemu ya hotuba.

Alianza hivi: "Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Itifaki imezingatiwa. Ndugu zangu, hili duka mmelijenga ninyi, na nitawaambia lini." Akasimulia kisa cha kanga zilizochuja. Alipofika pale mteja alipomvuta pembeni, sauti yake ilipungua, nasi tukasogea kumsikiliza. Akamaliza: "Angeweza kunisema mtaa mzima. Alinisema mimi peke yangu. Ahsante yangu ya kwanza leo ni kwa kila aliyenirudishia kitu kibaya na kuniambia ukweli."

Baada ya hapo alijibu maswali ambayo wateja huwa nayo moyoni na hawayaulizi mbele za watu. Duka la pili linapofunguliwa, wa zamani anahofia ametupwa, na mgeni anahofia bei ya uchochoroni. Mama alisema wazi: "Wa Kariakoo, mdogo wangu mnayemfahamu ndiye atakayekuwa pale, nami nitakuwepo kila Jumatatu na Alhamisi. Wa Mbagala, nimewafuata kwa kuwa mlikuwa mnapanda gari na kupoteza nusu siku kwa ajili ya doti mbili. Bei ya hapa ni bei ya kule. Hapa hakuna winga, bei utaisikia kwangu mwenyewe." Makofi makubwa kuliko yote yalipigwa hapo, kwenye bei.

Ofa nayo ilihitaji hesabu. Mwanzoni alitaka kutangaza kwamba kila atakayenunua siku hiyo atapindiwa kanga bure. Doti ni kanga mbili. Ukishaikata, kila kanga ina pande mbili fupi za kupinda, maana pande ndefu hazifumuki. Hiyo ni mipindo 4. Fundi wake alijipima akakuta doti moja inamchukua kama dakika 10, yaani doti 6 kwa saa. Kwa mafundi wawili na saa 3 za shughuli, doti ni 36. Waalikwa walikaribia 90. Angeahidi kwa wote, zaidi ya nusu wangeondoka na kanga zisizopindwa pamoja na neno la kusema njiani. Kwa hiyo alitangaza: "Doti 36 za kwanza zitapindwa bure hapahapa, leo tu. Ya 37 nitawauzia kwa bei ileile, kupinda mtalipa." Namba zilikatwa kwenye karatasi za daftari na kugawiwa dirishani. Hakuna aliyegombana.

Kosa moja lilinipita. Spika zilielekezwa ndani, walioketi nje upande wa Barabara ya Kilwa wakasikia magari kuliko hotuba. Mama aliona shingo zikinyooshwa, akaacha karatasi, akatoka na maiki hadi kizingitini. Kwa bahati waya ulifika. Kumbe mahali pa kuzungumzia palikuwa pale tangu awali: mgongo kwa bidhaa, uso kwa watu, utepe ukiwa hatua moja pembeni.

Sentensi zake za mwisho tulizifanya fupi makusudi, kwa sababu mlango ni mmoja na watu ni wengi. "Bibi zangu wa safu ya mbele mtaanza, wengine mtafuata safu kwa safu. Shika kanga, ifungue, isome. Ukitaka kuilowesha pembe, ndoo ya maji iko mezani na kitambaa cheupe kipo. Karibuni ndani."

Mkasi alimkabidhi mteja mkongwe kuliko wote, bibi aliyekuja na fimbo. Bibi alikata utepe, akapita kanga zote za rafu ya kwanza bila kuzitazama, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo. Alichagua nyekundu.